Mlango Uliofunguka na Mlango Usiofungulika

Mlango mmoja unaweza kufungwa, kufungika, kufunguliwa, kufunguka na kufungulika. Maneno hayo matano yametoka katika mzizi mmoja, fung-, na kila moja linasema jambo ambalo mengine manne hayasemi. Aliyekua na Kiswahili huyatumia bila kusita. Lakini mwulize kwa nini tunasema "barua haisomeki" na si "haisomiki", au kwa nini "funga" ina "fungua" ilhali "pika" haina "pikua". Mara nyingi atakujibu kwamba ndivyo tunavyosema. Ndivyo tunavyosema kweli, lakini tunasema hivyo kwa kanuni, na kanuni hizo si nyingi.

Katika vitabu vya sarufi maumbo haya yamepewa majina mawili. Vitenzi kama fungika, someka na vunjika viko katika kauli ya kutendeka. Vitenzi kama fungua, kunjua na chomoa viko katika kauli ya kutendua. Tuanze na kutendeka, kwa sababu ndiyo inayokubali vitenzi vingi zaidi.

Kutendeka huundwaje

Ondoa a ya mwisho kwenye kitenzi, upate mzizi. Kisha tazama irabu iliyo ndani ya mzizi. Ikiwa ni a, i au u, ongeza -ika: kata hutoa katika, pita hutoa pitika, vunja hutoa vunjika. Ikiwa ni e au o, ongeza -eka: tenda hutoa tendeka, cheza hutoa chezeka, soma hutoa someka. Ndiyo maana "haisomiki" hulikwaza sikio: o ya som- inadai e baada yake. Irabu za neno moja huvutana namna hii katika Kiswahili chote. Utaona mvutano huohuo katika pikia na somea, au katika pikisha na somesha.

Vitenzi vinavyoishia na irabu mbili vina tabia yao. Chukua hutoa chukulika, vaa hutoa valika, zuia hutoa zuilika na pokea hutoa pokeleka. Pametokea l ambayo haikuonekana mwanzoni, na tutairudia baadaye kwa kuwa ina mengi ya kutueleza. Baadhi ya vitenzi vya -ia, kama tumia na sikia, havina l hiyo: husemwa tumika na sikika, na hivi mtu hujifunza kimoja kimoja.

Vitenzi tulivyopokea kutoka Kiarabu navyo vimeingia katika utaratibu huu bila tabu. Fahamu imekuwa fahamika, haribu imekuwa haribika, badili imekuwa badilika, samehe imekuwa sameheka. Sahau, iliyoishia na irabu mbili, ikatendewa kama chukua na kuwa sahaulika. Neno lilikuja na umbo lake la kigeni, na wasemaji wakaliunda upya kwa kanuni ileile wanayoitumia kwa maneno ya asili.

Vipo pia vichache vinavyobeba -kana badala ya -ka peke yake: onekana, patikana, julikana, wezekana. Maana yake ni ileile ya kutendeka, ila mtu hawezi kuunda vingine kwa kupenda kwake.

Hali, na uwezekano

Kauli ya kutendeka ina kazi mbili. Kazi ya kwanza ni kueleza hali iliyokipata kitu: kikombe kimevunjika, kamba imekatika, suruali imechanika. Kazi ya pili ni kueleza kwamba jambo linawezekana au haliwezekani: mwandiko wako unasomeka, njia hii haipitiki, maji haya yananyweka.

Kiambishi ni kimoja, basi msikilizaji hutambuaje kazi iliyokusudiwa? Mara nyingi njeo humsaidia. Ukitumia -me-, hali ndiyo hutangulia akilini: "sanduku limefungika" maana yake sasa limekaa vizuri, limefunga. Ukitumia -na-, hu- au ukanushi wa wakati uliopo, uwezekano ndio hutangulia: "sanduku halifungiki" maana yake kila anayejaribu kulifunga anashindwa, pengine kwa sababu nguo zimezidi. Aina ya tendo nayo ina uzito wake. Kuvunja, kukata na kuchana huacha alama inayoonekana, kwa hiyo vunjika, katika na chanika huelekea upande wa hali. Kusoma na kupita haviachi alama kwenye kitabu wala njiani, kwa hiyo someka na pitika huelekea upande wa uwezekano.

Jambo moja haliguswi na njeo wala na aina ya tendo: katika kauli ya kutendeka mtendaji hana nafasi. Hapa ndipo inapoachana na kauli ya kutendwa, ile ya -wa. Chukua mkutano wa kikundi cha kuweka na kukopa. Mhazini anasimama na kusema, "Fedha zimetumika." Sentensi yake ni sahihi na imekamilika, lakini haina mahali pa kumtaja aliyezitumia. Mwanachama anayetaka kujua hana budi kubadili kauli: "Zimetumiwa na nani?" Kutumiwa kunamkubali mtendaji baada ya "na". "Kikombe kimevunjwa na mtoto" ni Kiswahili kizuri, ila "kikombe kimevunjika na mtoto" hapana. Anayeandika ripoti, habari au hati ya mahakama huchagua kati ya -ka na -wa, na kwa kuchagua huko ama anaacha mlango wa swali la "nani", ama anaufunga.

Sentensi moja ya kila siku huonekana kuvunja utaratibu huu: "Juma amevunjika mguu." Mguu umekaa baada ya kitenzi kana kwamba Juma ameutenda jambo. Lakini jaribu kuuwakilisha ndani ya kitenzi kama tunavyowakilisha yambwa. "Ameuvunja mguu" inakubalika. "Ameuvunjika mguu" haikubaliki. Mguu hapo si kitu kilichotendewa na Juma. Ni sehemu ya Juma iliyopatwa na hali, na sentensi inamtaja mwenye mwili kwanza, kisha pahali palipoumia. Ndivyo ilivyo katika "amekatika kidole" na "ameteguka mkono".

Kutendua: vitenzi vipi hukubali?

Sasa tugeukie upande wa pili. Kauli ya kutendua huweka -ua penye a ya mwisho: funga hutoa fungua, kunja hutoa kunjua, ziba hutoa zibua, tega hutoa tegua, panga hutoa pangua, fumba hutoa fumbua. Mzizi ukiwa na o, kiambishi huwa -oa: choma hutoa chomoa, na kosa hutoa kosoa. Tazama tofauti ndogo iliyopo. Katika kutendeka, e na o huenda pamoja, zote zikileta -eka. Katika kutendua, o husimama peke yake. E hubaki kundi moja na a, i na u, ndiyo maana tega hutoa tegua na si "tegoa".

Kuunda umbo si kazi. Kazi ni kujua ni vitenzi gani vinavyolikubali. Ukiviweka pamoja vile vyenye -ua, vinafanana kwa jambo moja: kila kimoja kinahusu kitu kilichounganishwa, kilichofunikwa, kilichokunjwa, kilichotegwa au kilichopangwa, na kinachoweza kurudishwa kilivyokuwa. Kamba iliyofungwa inafunguka ikabaki kamba. Shuka iliyokunjwa inakunjuliwa ikabaki shuka. Mtego uliotegwa unateguliwa. Hata kitendawili kiko hapa: mmoja anatega, mwenzake anategua, na fumbo hufumbuliwa kwa njia hiyohiyo.

Kupika hakumo katika kundi hili, kwa sababu wali hauwezi kurudi kuwa mchele. Kuvunja nako hakumo: kikombe kilichovunjika huungwa, na kuunga ni tendo jingine lenye mzizi wake. Kula, kuua, kuchinja na kuchoma moto yote yanabadilisha kitu moja kwa moja. Kauli ya kutendua haina uwezo wa kufuta tendo. Inataja tendo la pili, linaloachanisha kile ambacho tendo la kwanza lilikiambatanisha.

Hata hivyo, si kila tendo linaloweza kurudishwa lina -ua yake. Nywele zilizosukwa hufumuliwa, neno lililotoka kwa fuma. Sufuria iliyotelekwa jikoni huipuliwa, na ipua haikutoka kwa teleka. Taa iliyowashwa huzimwa, kilichoandikwa hufutwa. Lugha ikishakuwa na neno linalotosha, haina haja ya kuunda jingine.

Ika mbili zinazofanana

Wanafunzi wengi, na hata wanaokijua Kiswahili vizuri, hukwama katika jozi kama hizi: funika na funua, bandika na bandua, anika na anua, tandika na tandua, chomeka na chomoa, ezeka na ezua. Upande wa kwanza una -ika au -eka. Je, funika ni kauli ya kutendeka?

Siyo. Kitenzi cha kutendeka hakina yambwa, na funika inayo: funika chungu, bandika tangazo, anika nguo, chomeka chaja. Hii ni -ika ya pili, ya zamani, yenye maana ya kuweka kitu mahali au katika mkao fulani. Leo haiundi vitenzi vipya. Imebaki imegandamana na mizizi iliyoibeba tangu kale, na inapokuja -ua hung'oka ikaiachia nafasi. Kwa hiyo hatusemi "anikua nguo" mvua inapotaka kunyesha; tunasema anua. Upepo mkali hauezekui paa, huliezua. Pakia na fukia hufanya vivyo hivyo kwa -ia zao, zikitoa pakua na fukua.

Kipimo chake ni chepesi. Weka jina la kitu baada ya kitenzi, kisha useme kwa amri. "Bandika tangazo!" ni amri inayoeleweka, basi hiyo ni -ika ya kuweka. "Vunjika kikombe!" haimwamuru mtu yeyote kitu, basi hiyo ni ya kutendeka. Ukitaka kusema kwamba tangazo linaweza kubandikwa, unalazimika kuongeza -ika nyingine juu ya ile ya kwanza: ukuta ukiwa na unyevu, tangazo halibandikiki.

Mara moja moja ika hizi mbili hukutana katika umbo lilelile. Chomeka ya "chomeka chaja ukutani" ni ya kuweka. Chomeka ya "nyama imechomeka vizuri" ni ya kutendeka, kutoka kwa choma ya motoni. Chaja iliyochomekwa inachomolewa, lakini nyama iliyochomeka haichomolewi. Kiini cha utaratibu wote kimo katika mfano huo: kutendua hufuata maana ya kuunganisha, wala hakufuati sauti ya neno.

L iliyopotea, na maana mbili zilizotengana

Turudi kwenye ile l. Zamani -ua haikuwa hivi; ilikuwa -ula. Jirani wa Kiswahili katika familia ya Kibantu bado wanayo konsonanti hiyo. Mkikuyu hufunga mlango kwa hinga na kuufungua kwa hingura. Katika Kinyarwanda jozi ni kinga na kingura. Waganda wana ggala na ggula. Na katika Kiswahili cha Lubumbashi utasikia watu wakisema "fungula". Katika Kiswahili cha pwani l ilidondoka kati ya irabu mbili, lakini haikupotea kabisa. Kiambishi kingine kikija, inarudi: fungulia, funguliwa, fungulika. Vaa na vua zilipoteza l vilevile, nasi tunaiona tukisema valia na vulia. Kwa hiyo l ya chukulika haikupachikwa na mtu ili kulainisha matamshi. Ilikuwapo tangu awali. Sahaulika ni habari nyingine: neno la Kiarabu halikuwahi kuwa na l hiyo, wasemaji wamempa mgeni urithi wa wenyeji.

Pamoja na -ula palikuwa na -uka, na -uka haikutokana na -ula. Vilikuwa viambishi viwili vilivyokaa sambamba: -ula kwa tendo lenye mtendaji, -uka kwa jambo linalotokea lenyewe. Ndiyo sababu fungua haina njia moja ya kutendeka bali mbili. Ukibadili -ua kuwa -uka unapata funguka, zibuka, kunjuka, banduka na chomoka. Ukiongeza -ika juu ya -ul- unapata fungulika, zibulika, kunjulika, bandulika, na kwa mizizi ya o, chomoleka.

Hapo maana mbili tulizoziona zimebanana katika vunjika na someka zinapata kila moja umbo lake. Funguka hueleza hali: "mlango umefunguka", pengine kwa upepo, nao sasa uko wazi. Fungulika hueleza uwezekano: "mlango haufunguliki", maana yake kitasa kimeharibika na kila anayejaribu anashindwa. Mtu anaweza kusema "haufunguki" pia, na wengi husema. Anachokisema hapo ni kwamba mlango wenyewe umegoma. Anayesema "haufunguliki" anawafikiria wanaojaribu kuufungua.

Katika baadhi ya vitenzi pengo hilo limepanuka hadi maneno mawili hayawezi kubadilishana nafasi. Nguo iliyoshikwa na msumari inatatuka, yaani inachanika. Tatizo halitatuki, linatatulika, maana yake lina ufumbuzi. Mgeni anaondoka, na doa kwenye shati likisuguliwa huweza kuondoka. Ukisema "doa hili haliondoleki", umetoa hukumu kwamba hata fundi hataliweza.

Pale -ua inapokudanganya

Umbo la -ua peke yake si hakikisho la maana ya kutendua. Kama ni kubana, na kamua ni kubana mpaka maji au maziwa yatoke: hapo -ua imeongeza nguvu ya tendo badala ya kulirudisha. Chimbua nayo haifukii shimo lililochimbwa, bali inatoa kilichokuwa chini. Pinda ni kukunja kidogo, pindua ni kugeuza juu chini. Kosa ni kufanya kosa, kosoa ni kulionyesha. Vipo na vitenzi kama pasua, bomoa, rarua na inua ambavyo mzizi wake mtupu hausikiki tena, ingawa -uka yake ni hai: pasuka, bomoka, raruka, inuka. Vingine, kama nunua na chagua, vinafanana na kundi hili kwa mwisho tu. Havina "nunuka" wala "chaguka". Ukitaka kutendeka kwake, ni nunulika na chagulika.

Kwa hiyo ukikutana na kitenzi cha -ua usichokijua, kipime kwa hatua tatu. Kwanza, rudisha a mahali pa -ua, au -ika ikibidi, uone kama unapata kitenzi kilicho hai. Fumua inarudi kwa fuma na anua kwa anika, lakini rarua hairudi popote. Pili, weka -uka pamoja na neno "wenyewe" au "yenyewe": mtaro umezibuka wenyewe. Ikikubalika, kitenzi ni cha ukoo huu. Tatu, jiulize kama kuna kilichounganishwa ambacho sasa kinaachana. Fungua hupita hatua zote tatu. Kamua hupita ya kwanza kwa kuwa kama ipo, lakini hukwama katika ya tatu. Chagua hukwama mapema.

Hatua hizohizo zinafaa kwa maneno mapya ya kompyuta na simu. Pakua, tunayoitumia kwa kuteremsha faili, imetoka jikoni na bandarini: chakula hupakuliwa kutoka sufuriani, mizigo hupakuliwa kutoka jahazini, na pakia ipo hai kama jozi yake. Neno hilo lilikubalika upesi kwa sababu lilikwisha kuwa na maana ya kutoa kitu kilikokuwa na kukiweka kwa mtumiaji. Tendua, amri ya kurudisha ulichokifanya hivi punde kwenye skrini, imeundwa kwa kanuni timilifu. Tend- ina e, e inadai u, na hatua iliyochukuliwa kwenye faili inaweza kurudishwa bila kuacha alama. Katika maisha ya nje ya skrini kitenzi hicho hakina kazi, maana tendo halirudishwi.

Jaribio gumu zaidi ni sanidua, neno la kuondoa programu katika simu zenye Kiswahili. Sanidi ni ya asili ya Kiarabu, na maneno ya asili hiyo yalizoea kukubali -ika na kukataa -ua: tuna fahamika na hesabika, hatuna "fahamua" wala "hesabua". Kimaana sanidua inapita, kwa sababu programu iliyosanidiwa imeungwa na simu na inaweza kuachana nayo. Kiumbo nayo imefuata kanuni, kwani irabu ya mwisho wa mzizi, i, inaleta u. Kilichobaki ni matumizi. Watu wakianza kusema kwamba programu fulani "haisaniduliki", wakitumia ile l bila kufundishwa na yeyote, neno hilo litakuwa limeingia katika ukoo wa fungua.